Tarehe Bila Shahidi: Kifo cha Livingstone na Makosa ya Tovuti za Misemo

Tovuti za misemo ya watu mashuhuri na za chemshabongo hudai siku, mwezi na mwaka kwa kila mtu, hata pale ambapo kumbukumbu zenyewe hazikubaliani au zimenyamaza. Hoja yangu ni kwamba makosa mengi ya tarehe huanzia kwenye dai hilo. Kunakili huyasambaza tu, na wingi wa waliokwisha kunakili ndio unaomfanya msomaji ayaamini.

Chukua kifo cha David Livingstone. Karibu kila orodha huandika 1 Mei 1873, na jiwe la kaburi lake Westminster linasema hivyo hivyo. Lakini nani aliijua siku hiyo? Maandishi ya mwisho ya Livingstone katika shajara yake ni ya 27 Aprili. Baada ya hapo wanabaki watu waliokuwa naye kijijini kwa Chitambo, wakiwamo Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Horace Waller, aliyehariri shajara hizo na kuzichapisha mwaka 1874, alijaza siku za mwisho kwa kuwahoji Chuma na Susi, na masimulizi hayo ndiyo yaliyoipa nguvu 1 Mei. Wainwright, aliyejua kuandika, alichonga kwenye mti palipozikwa moyo wa marehemu, na tarehe aliyochonga ni 4 Mei. Maneno ya mtini hayaelezi kama hiyo ni siku ya kufa au ya kuzika. Kwa hiyo zipo kumbukumbu mbili, zote zinatoka kwa watu waliokuwapo, nazo zinapishana kwa siku tatu. Orodha yenye nafasi moja tu ya tarehe haiwezi kulieleza hilo. Huchagua moja na kuifuta nyingine.

Mtu atauliza: ikiwa tovuti mia zinakubaliana, je, huo si ushahidi? Ufuko wetu wa Nyasa ulikwisha kulijibu swali hili. Livingstone alipanda kutoka Mikindani kwa njia ya Ruvuma mwaka 1866, akafika ziwani mwezi Agosti. Desemba mwaka huo Musa na wenzake Wanzwani, waliokuwa katika msafara wake, walifika Unguja wakidai kwamba Livingstone ameuawa na Wamazitu ng'ambo ya ziwa. Habari ilienea Ulaya na magazeti mengi yakaichapa, ingawa chimbuko lilikuwa kundi moja la watu waliomkimbia na waliokuwa na sababu ya kujitetea. Mwaka 1867 Edward Young alitumwa ziwani kuichunguza habari hiyo. Aliwahoji wakazi wa sehemu mbalimbali za ufuko, kila mahali peke yake, akakuta kwamba msafiri huyo alipita salama na kuendelea mbele zaidi ya pale Musa aliposema aliuawa. Young hakuhesabu waliorudia habari. Alitafuta mashahidi wasiotegemeana, na hicho ndicho kipimo: tovuti mia zilizochota mahali pamoja ni shahidi mmoja. Utazitambua kwa kosa zinaloshirikiana, kama vile jina lililoharibiwa kwa namna ileile au siku ya mazishi kuwekwa kama siku ya kifo. Livingstone alizikwa 18 Aprili 1874. Orodha inayomfisha mwaka huo imechanganya mambo mawili.

Kuna kosa jingine linalozaliwa ndani ya mashine. Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861, hukadiriwa kuzaliwa karibu 1850. Hazina kama Wikidata huweka kando ya tarehe namba ya usahihi: `9` ni mwaka tu, `11` ni siku kamili. Lakini mwaka mtupu ukichotwa kwa programu unaweza kutoka hivi:

```
1850-01-01T00:00:00Z
```

Anayenakili bila kuisoma namba ya usahihi amemzalia mtu siku ya kuzaliwa ya 1 Januari. Wapo watu waliozaliwa kweli siku hiyo, hivyo haitoshi kuikataa papo hapo. Lakini kila 1 Januari ya mtu wa karne ya 19 asiye na cheti wala daftari la ubatizo idaiwe shahidi kwanza.

Wengine watasema siku tatu za mwaka 1873 hazimdhuru mtu. Zinamdhuru Wainwright. Tunapoandika 1 Mei bila maelezo, tunaufuta ushahidi wa Mwafrika aliyeandika palepale kwa mkono wake, na kulibakiza neno la mhariri wa Uingereza, ingawa naye alilipokea kwa Waafrika. Simaanishi kwamba 4 Mei ndiyo sahihi. Susi na Chuma nao walikuwapo. Namna ya haki ni kuandika: 1 Mei 1873 kwa masimulizi ya Chuma na Susi kupitia Waller, 4 Mei kwa maandishi ya mtini. Orodha isiyo na nafasi ya kuandika hivyo isitumike kama rejeo darasani wala katika utafiti.