Utegemewa, Si Umuhimu wa Kikazi

Katika rasimu ya istilahi za sosholojia iliyopita mikononi mwangu, nguzo kuu ya hoja ya Kingsley Davis na Wilbert Moore imefasiriwa kuwa "umuhimu wa kikazi". Aliyeipitisha ni kamati, na kamati haina uso wa kutazamwa. Ila naomba kuuliza kwa heshima zote: mjumbe hata mmoja hakuisikia safari ya kikazi ndani ya neno hilo? Mswahili akiambiwa "kikazi" anawaza gari la serikali, posho na barua yenye mhuri. Msomaji ataamini kwamba Wamarekani hawa wanazungumzia vyeo vya ofisini, na kuanzia hapo hoja itakuwa imempotea.

Hoja yenyewe waliitoa mwaka 1945 katika jarida la wanasosholojia wa Marekani. Walitaka kueleza kwa nini hakuna jamii isiyo na matabaka. Walijibu kwamba jamii ina nafasi nyingi za kujazwa, nazo hazilingani: nyingine zinahitaji mafunzo marefu au kipaji kisichopatikana kwa wengi, na nyingine zikiharibika huharibu mengi. Ili watu wanaofaa wazitamani nafasi ngumu na kuzitumikia vizuri, lazima tuzo zitofautiane. Kwao tuzo si fedha tu. Walitaja vitu vya kujikimu na kustarehe, vitu vya kuburudisha nafsi, na vitu vya kumpa mtu heshima na kumkuza machoni pake mwenyewe. Ukubwa wa tuzo hutokana na mambo mawili: jinsi nafasi inavyobeba uhai wa jamii, na uhaba wa wanaoiweza. Wala hawakudai kwamba kuna aliyekaa chini akapanga. Walisema ni mbinu iliyoota yenyewe, jamii bila kujitambua.

Jambo la kwanza kati ya hayo mawili ndilo nililoliita "utegemewa", na ndilo lililoniletea maneno. Davis na Moore walipobanwa waseme umuhimu huo unatambulikaje, walitoa dalili mbili katika tanbihi. Ya kwanza ni kama nafasi ni ya pekee, yaani hakuna nafasi nyingine inayoweza kufanya kazi ile. Ya pili ni kadiri nafasi nyingine zinavyoitegemea ile moja. Mpinzani wangu mmoja, msomi mwenye sauti kubwa kuliko kamusi yake, anasema neno langu limebeba dalili ya pili na kuitupa ya kwanza. Sivyo. Asiyeweza kuzibwa pengo lake na mwingine ndiye anayetegemewa. Dalili ya kwanza inatoa sababu na ya pili inatoa kipimo.

Shutuma nyingine ni ya sarufi, kwamba nomino haiundwi kwa kitenzi cha kutendwa. Basi wanaosema hivyo wafute mfiwa, mpendwa, mtahiniwa na mshitakiwa. Wakishamaliza wafute na utumwa, maana mtumwa ni mtu anayetumwa, na kutoka kwake tumepata utumwa bila idhini ya kamati yoyote. Njia iliyotupa utumwa haiwezi kuukataa utegemewa. Walionipendekezea "umuhimu wa kiamali" nao wamechelewa. Amali ni neno la Kiarabu lenye maana ya kazi au tendo, lakini Zanzibar tayari lina makao yake katika mafunzo ya amali, yaani useremala, ushonaji na ufundi magari. Na wazee wa pwani waliiita hirizi kwa jina hilohilo. Uamilifu nauacha uendelee kuwa jina la nadharia kwa jumla, huko umekwishazoeleka.

Faida ya neno langu inaonekana hoja inapoanza kushambuliwa. Mwezi Februari 1968 wazoa taka wa Jiji la New York waligoma kwa siku tisa. Takataka zilirundikana barabarani kiasi cha tani 10,000 kwa siku, panya wakashangilia, meya na gavana wakagombana hadharani. Ukitafsiri kwa "umuhimu wa kikazi", mzoa taka hana umuhimu, kwa kuwa hana ofisi. Ukitumia utegemewa, unamwona mara moja: madaktari, wauza vyakula, wenye hoteli na shule wote walikuwa wamesimama juu ya mabega yake, nao walijua aliposhuka.

Davis na Moore hawaangushwi na kisa hicho peke yake. Wao wenyewe walisema kwamba nafasi muhimu ambayo ni rahisi kujazwa haihitaji tuzo kubwa. Inatosha tuzo iwe ya kuhakikisha inajazwa. Uzoaji taka hufundishika kwa muda mfupi, kwa hiyo utegemewa wake ni mkubwa na uhaba wake mdogo. Jibu hilo ni zuri, lakini linauhamishia uhaba karibu mzigo wote. Na ukiuliza tena utegemewa wa nafasi fulani ni kiasi gani, mara nyingi unaonyeshwa mshahara wake. Hapo tunazunguka palepale: analipwa sana kwa sababu anategemewa, na tunajua anategemewa kwa sababu analipwa sana. Melvin Tumin alilishika jambo la kipimo mwaka 1953, katika jarida lilelile, na Davis akamjibu papo hapo.

Lakini pigo zito la Tumin liko kwenye uhaba. Alisema kadiri matabaka yanavyokuwa magumu, ndivyo jamii inavyoshindwa kujua ina vipaji gani, kwa kuwa watoto wa chini hawafiki kwenye mlango wa kujaribiwa. Udaktari wa Marekani unalionyesha hilo. Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa ripoti juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, akataka vibaki 31. Vingi vilivyofungwa vilikuwa vibovu kweli, sibishi. Lakini kati ya vyuo saba vya Wamarekani weusi vikabaki viwili, Howard na Meharry. Vijana weusi hawakupungukiwa akili mwaka ule, walipungukiwa madarasa. Miaka thelathini baadaye mwanasosholojia anahesabu madaktari, anawakuta wachache, na anaueleza ujira wao kwa uchache huo, kana kwamba uchache ulishuka na mvua.

Kuhusu hoja kwamba masomo marefu ni kafara inayostahili kufidiwa kwa tuzo, Tumin alikuwa mfupi na mkali. Gharama nyingi hubebwa na wazazi, ambao wanaziweza kwa sababu wao tayari wanatuzwa vizuri. Kipato anachokikosa kijana akiwa chuoni hurudi ndani ya takriban mwongo mmoja wa kazi, na baada ya hapo ziada inaendelea maisha yote bila mtu kueleza inafidia nini. Aliongeza kuwa furaha ya kazi na wito wa kuhudumia jamii navyo vinaweza kumvuta mtu, lakini nadharia haikuvijaribu.

Matumizi, kwa haraka: sema "nafasi yenye utegemewa mkubwa", "utegemewa wa wauguzi", "kupima utegemewa". Yatosha.

Na niitendee haki kamati mahali pamoja. Jambo la pili wameliita "uhaba", wakaukataa "uadimu" uliokuwa umependekezwa na haohao wapinzani wangu. Uadimu ni sifa ya lulu, iko ndani ya kitu chenyewe. Uhaba ni wa sukari: huenda mavuno yalikuwa mabaya, na huenda kuna mtu amefunga ghala. Sina hakika kama walilichagua neno kwa kufikiri hivyo, lakini Tumin angelikubali.