Regresheni yenye logi

Regresheni yenye logi ni regresheni ya kawaida ya mstari ambamo kigeu kimoja au zaidi hugeuzwa kuwa logi kabla mstari haujakokotolewa. Inayotumika zaidi ni ile ambamo kigeu kinachoelezwa, tuseme mshahara, ndicho kinachochukuliwa logi, na kigeu kinachoeleza, tuseme miaka ya masomo, huachwa kilivyo. Mteremko wa mstari wa namna hii husomwa kama asilimia. Ukiwa 0.05, husemwa kwamba kila mwaka wa masomo unaoongezeka huendana na mshahara uliozidi kwa asilimia 5 hivi. Hilo neno "hivi" ni la kihesabu kabisa, na wengi wanaokosea kusoma matokeo hukosea kwa kulisahau.

Logi inayokusudiwa ni logi asilia, ambayo kizio chake ni namba e, yaani takriban 2.718.

Kwa nini mshahara uchukuliwe logi

Aliyeuzoesha ulimwengu wa uchumi mlinganyo wa aina hii ni Jacob Mincer, mchumi wa Marekani mzaliwa wa Polandi, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu masomo, uzoefu na mapato. Mfano uliofundishiwa wanafunzi wengi, hata hivyo, umo katika kitabu cha kiada cha Jeffrey Wooldridge. Unatumia takwimu za wafanyakazi 526 wa Marekani za mwaka 1976, zilizochotwa kwenye uchunguzi wa kaya ambao serikali ya nchi hiyo huufanya kila mwezi. Mshahara umepimwa kwa dola kwa saa, masomo kwa miaka.

Mstari usio na logi unatoa matokeo haya:

```
wage = -0.90 + 0.54 educ
```

Kila mwaka wa masomo unaongeza senti 54 kwa saa. Lakini mlinganyo huohuo unasema kwamba mtu asiyesoma hata mwaka mmoja analipwa senti 90 pungufu ya sifuri, yaani yeye ndiye anayemlipa mwajiri. Unasema pia kwamba mwaka wa pili wa shule ya msingi na mwaka wa mwisho wa chuo kikuu ina thamani ileile ya senti 54. Mishahara haiendi hivyo. Nyongeza kazini huhesabiwa kwa kulinganisha na kile mtu anachopata tayari, na tofauti kati ya wenye kipato kikubwa huwa pana kuliko tofauti kati ya wenye kipato kidogo. Mtu akichora masalio ya mstari huu, yaani umbali wa kila mfanyakazi kutoka kwenye mstari, ataona yanatanuka kuelekea kulia kama mdomo wa tarumbeta.

Mshahara ukichukuliwa logi, matokeo ni haya:

```
log(wage) = 0.584 + 0.083 educ
```

Sasa kila mwaka hauongezi kiasi kilekile cha fedha, bali huzidisha mshahara kwa kiasi kilekile. Kwa mtu mwenye miaka 12 ya masomo mlinganyo unatoa logi ya 1.580, nayo ikirudishwa kuwa fedha ni dola 4.85. Kwa miaka 13 ni dola 5.28. Mwaka huo mmoja umeongeza zaidi ya senti 40. Kutoka miaka 6 kwenda 7 nyongeza ni robo dola tu, kwa sababu aliyeko huko chini ana mshahara mdogo wa kuzidishwa. Na hakuna idadi ya miaka itakayotoa mshahara ulio chini ya sifuri.

Asilimia inavyopatikana

Siri iko katika tabia moja ya logi: tofauti ya logi mbili ni logi ya uwiano wa namba zenyewe. Mshahara ukipanda kutoka 100 hadi 105, uwiano ni 1.05, na logi asilia ya 1.05 ni 0.0488, karibu sana na 0.05. Ukipanda hadi 110, logi ya 1.10 ni 0.0953, bado si mbali na 0.10. Lakini ukipanda hadi 150, logi ya 1.5 ni 0.405, wala si 0.50. Mshahara ukiongezeka maradufu, logi inasogea kwa 0.693 tu. Kwa hiyo logi na asilimia hutembea pamoja zikiwa karibu na sifuri, kisha huachana taratibu kadiri badiliko linavyokuwa kubwa.

Mteremko ukiitwa b, badiliko kamili kwa asilimia ni 100 × (e^b − 1). Kwa mteremko wetu wa 0.083, hesabu kamili inatoa asilimia 8.65, na usomaji wa haraka unatoa 8.3. Tofauti hiyo haimsumbui mtu, hasa kwa kuwa makosa ya sampuli yenyewe huwa makubwa kuliko hapo. Katika programu ya R hesabu ni mistari miwili:

```
m <- lm(log(wage) ~ educ, data = wage1)
100 * (exp(coef(m)["educ"]) - 1)
```

Kosa huanza pale mtu anapozidisha. Akitaka kumlinganisha mwenye miaka 12 na mwenye miaka 16, ni rahisi kusema mara nne ya 8.3 ni asilimia 33.2. Sivyo: 4 × 0.083 ni 0.332, na e^0.332 ni 1.394, kwa hiyo tofauti ni asilimia 39.4. Miteremko hujumlishwa kwanza ikiwa bado katika logi, ndipo jumla igeuzwe kuwa asilimia.

Makosa makubwa zaidi hujitokeza kwenye vigeu vya sifuri na moja, kwa sababu hapo badiliko la hatua moja huweza kuwa refu. Robert Halvorsen na Raymond Palmquist waliwakumbusha wachumi jambo hili mwaka 1980, baada ya kuona tafiti zilizochapishwa zikisoma miteremko kama hiyo moja kwa moja. Katika takwimu zilezile za wafanyakazi 526, ukiongeza uzoefu, miaka kwa mwajiri wa sasa na jinsia, mteremko wa kuwa mwanamke ni −0.297. Usomaji wa haraka unasema wanawake walilipwa asilimia 29.7 pungufu ya wanaume wenye sifa zilezile. Hesabu kamili inasema asilimia 25.7. Ukiligeuza swali na kuuliza wanaume walizidi wanawake kwa asilimia ngapi, jibu ni 34.6. Namba zote mbili ni sahihi. Zinatofautiana kwa sababu moja inahesabiwa juu ya mshahara wa mwanamume na nyingine juu ya mshahara wa mwanamke, na 0.297 imekaa katikati yao. Mwandishi asiyetaja anahesabu juu ya nani hajaeleza lolote.

Dalili ya wazi ya usomaji mbovu ni asilimia isiyowezekana. Mteremko wa −1.2 ukisomwa haraka unadai mshahara umeshuka kwa asilimia 120. Kwa hesabu kamili umeshuka kwa 70.

Kipimo cha fedha na kizio cha logi

Kubadili dola kuwa shilingi hakugusi mteremko. Kuzidisha mishahara yote kwa namba moja huongeza namba moja kwenye logi zote, basi mstari wote hupanda bila kubadili mwinamo wake, na kinachobadilika ni ile namba ya mwanzo tu. Hii ndiyo faida iliyowafaa Maurice Boissiere, John Knight na Richard Sabot katika utafiti wao wa mwaka 1985 kuhusu wafanyakazi wa kuajiriwa wa Kenya na Tanzania: miteremko ya masomo iliweza kuwekwa bega kwa bega bila kwanza kugombana juu ya thamani ya shilingi ya nchi moja dhidi ya nyingine.

Kizio cha logi, kinyume chake, kinagusa kila kitu. Katika R neno `log` ni logi asilia. Katika Excel, `LOG` ni logi ya kizio 10, na logi asilia ni `LN`. Aliyetumia `LOG` ya Excel kwa takwimu zetu angepata mteremko wa 0.036 na kutangaza kwamba mwaka wa masomo unaleta asilimia 3.6. Angetakiwa kwanza kuuzidisha kwa 2.3026 ili kuirudia 0.083.

Logi ikiwa upande wa pili

Logi ikiwekwa kwenye vigeu vyote viwili, mteremko unalinganisha asilimia na asilimia. Katika takwimu nyingine za Wooldridge, za wakuu wa makampuni 209 ya Marekani, mteremko wa logi ya mshahara juu ya logi ya mauzo ni 0.257: mauzo yakizidi kwa asilimia 1, mshahara unazidi kwa robo ya asilimia hivi. Hapa pia badiliko kubwa lina hesabu yake. Mauzo yakiwa maradufu, mshahara haupandi kwa asilimia 25.7 bali kwa 19.5, kwa kuwa 2 ikipandishwa kwenye kipeo cha 0.257 inatoa 1.195. Logi ikiwa kwenye kigeu kinachoeleza peke yake, mteremko hugawanywa kwa 100 ili kupata badiliko linaloletwa na asilimia 1.

Kurudi kwenye fedha, na tatizo la sifuri

Ile dola 4.85 ya mwenye miaka 12 si wastani wa mishahara ya watu wa namna hiyo. Wastani wa logi ukirudishwa kuwa fedha hutoa wastani wa kijiometri, ambao daima ni mdogo kuliko wastani wa kawaida pale mishahara inapotofautiana. Masalio yakifuata mgawanyo wa kawaida, dawa ni kuzidisha kwa e iliyopandishwa kwenye nusu ya mraba wa mkengeuko wake sanifu. Hapa mkengeuko huo ni karibu 0.48, kizidishi ni 1.12, na wastani unakuwa dola 5.45 hivi. Naihua Duan alipendekeza mwaka 1983 njia isiyodai mgawanyo huo: kila salio lirudishwe kutoka kwenye logi, kisha wastani wake uwe kizidishi. Afisa wa bajeti anayekadiria jumla ya mishahara bila kizidishi hiki atajikuta amepungukiwa na fedha, ingawa mteremko wake ulikuwa sahihi.

Sifuri ndilo jambo lisilo na dawa rahisi, kwa kuwa haina logi. Katika takwimu za kaya huwamo watu wasio na mapato yoyote ya fedha, na desturi ya kuongeza 1 kwa kila mtu kabla ya kuchukua logi inaonekana haina madhara. Ina madhara. Kuongeza shilingi 1 si sawa na kuongeza dola 1, na mteremko ambao mwanzo haukujali kipimo sasa unakitegemea. Jiafeng Chen na Jonathan Roth walionyesha mwaka 2024 kwamba, pale jambo linalochunguzwa linapowatoa watu kwenye sifuri, mtafiti anaweza kupata mteremko wa ukubwa wowote kwa kubadili kipimo tu, na kwa hiyo hauwezi kusomwa kama asilimia. Njia inayokubali sifuri ni regresheni ya Poisson, ambayo J. M. C. Santos Silva na Silvana Tenreyro waliitetea mwaka 2006 kwa takwimu za biashara kati ya nchi. Haichukui logi ya kila mtu mmoja mmoja bali ya wastani, na mteremko wake hugeuzwa kuwa asilimia kwa kanuni ileile ya e^b − 1.