Habari kwa Sikio: Sentensi, Namba na Chanzo katika Historia ya Taarifa ya Habari ya Redio kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna taarifa ya habari ya redio ilivyopata umbo lake katika Kiswahili, lugha ambamo kwa sehemu kubwa ilianza kama tafsiri ya Kiingereza. Hoja kuu ni kwamba kanuni tatu za uandishi wa redio, yaani sentensi fupi, namba zinazotamkika na chanzo kinachotajwa wazi, ziliazimwa kutoka katika vyumba vya habari vya Kiingereza, lakini sarufi ya Kiswahili ilizipa kazi tofauti. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 kunatumika kama kisa cha kuipima hoja hiyo.

1. Utangulizi

Tarehe 14 Novemba 1922, Arthur Burrows alisoma mjini London taarifa ya kwanza ya habari ya BBC. Aliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili polepole, kisha akawaomba wasikilizaji waseme ni usomaji upi uliowafaa. Jaribio hilo linaonesha jinsi tatizo lilivyoeleweka wakati ule. Lilidhaniwa kuwa ni tatizo la kasi ya msomaji, ilhali matini yenyewe yalitoka katika mashirika ya habari yaliyozoea kuandikia magazeti. Msomaji wa gazeti akipotea katika sentensi hurudi mwanzo wake. Msikilizaji hana pa kurudi, hata asomewe polepole kiasi gani.

Redio za Kiswahili zilirithi tatizo hilo likiwa na tabaka la pili. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilirusha matangazo yake ya kwanza tarehe 27 Juni 1957. Habari za dunia zilifika zikiwa kwa Kiingereza. Hali hiyo iliendelea hata baada ya kuundwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965 na Shirika la Habari Tanzania, Shihata, mwaka 1976. Kwa hiyo aliyekaa mbele ya taipureta alifanya uhamishaji wa aina mbili kwa wakati mmoja: kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kutoka jicho kwenda sikio. Mjadala wa Kiswahili cha redio umezoea kutazama uhamishaji wa kwanza, hasa kwa upande wa istilahi. Makala hii inautazama wa pili.

Kisa kilichochaguliwa ni cha MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza. Sentensi za mfano zitakazofuata zimetungwa na mwandishi kwa ajili ya uchambuzi. Si nukuu za matangazo ya siku hizo.

2. Ufupi wa sentensi haupimwi kwa maneno

Kanuni ya Kiingereza humtaka mwandishi wa redio ahesabu maneno. Katika Kiswahili hesabu hiyo hudanganya, kwa kuwa kitenzi kimoja chaweza kubeba mtenda, wakati, urejeshi na mtendwa. Tuitazame sentensi hii:

Abiria waliokuwa wamepanda meli iliyozama asubuhi ya jana ilipokuwa ikikaribia Mwanza ikitokea Bukoba bado wanatafutwa.

Sentensi ina maneno 15 tu, na kwa kipimo cha Kiingereza ni fupi. Hata hivyo ina maumbo saba ya kitenzi, na kitenzi kikuu, wanatafutwa, ndicho neno la mwisho. Msikilizaji hulishika neno abiria, kisha hulazimika kulihifadhi huku akipokea habari za meli, za wakati na za safari, akingoja kuambiwa abiria hao wamepatwa na nini. Kiambishi wa- kinapomfikia, meli imekwisha kuwa kiini cha vitenzi vinne mfululizo. Upatanisho wa ngeli unamrudisha kwa abiria, lakini umechelewa.

Sasa tuigawe:

Meli ya MV Bukoba ilizama jana asubuhi. Ilikuwa inakaribia Mwanza kutoka Bukoba. Abiria bado wanatafutwa.

Maneno ni yale yale 15, na hakuna taarifa kubwa iliyoachwa. Kilichobadilika ni kwamba kila kiima kimepata kitenzi chake kabla ya kiima kingine kuingia. Kipimo kinachofaa Kiswahili, basi, si idadi ya maneno bali ni umbali kati ya kiima na kitenzi kikuu, pamoja na idadi ya vishazi rejeshi vilivyolala katikati. Vishazi hivyo huongezeka hasa pale mfasiri anapofuata mpangilio wa Kiingereza, ambacho huweza kuzibana taarifa za aina hiyo katika vikundi nomino vifupi. Kiswahili huzifungua kwa -o- rejeshi, na kila ufunguzi ni mzigo mpya kwa sikio.

3. Namba zinazoficha sarufi

Kanuni ya pili, kwamba namba ziandikwe kama zitakavyotamkwa, huelezwa katika Kiingereza kama msaada wa kumwepusha msomaji na kigugumizi. Katika Kiswahili ni suala la upatanisho. Tarakimu haioneshi ngeli. Msomaji anayekutana na "watu 894" hana budi kutamka mia nane tisini na wanne, akikutana na "vijiji 894" atamke na vinne, na kwenye "miili 894" atamke na minne. Namba za sita, saba, tisa na kumi hazidai upatanisho. Moja hadi tano na nane zinaudai. Msomaji huyo hupaswa kufanya uamuzi huo akiwa hewani, jicho lake likiwa tayari limevuka nomino. Akikosea, msikilizaji hutambua mara moja, na kwa sekunde kadhaa husikiliza kosa badala ya habari.

Neno maiti linaonesha kwamba uamuzi wenyewe si mwepesi. Wako wanaosema maiti watatu kwa kuwa wanahesabiwa watu, na wako wanaosema maiti tatu kwa kufuata umbo la nomino. Taarifa ikiandikwa "maiti 3", uchaguzi huo huachiwa msomaji, na taarifa ya saa moja huweza kupingana na ya saa mbili katika kituo kile kile. Mwandishi anayeandika neno zima huwa ameamua kabla ya studio.

Upatanisho huo huo unaweza pia kuwa nyenzo. Katika tungo watu elfu mia mbili na tano, neno tano linapatana na elfu, na maana ni 205,000. Katika watu elfu mia mbili na watano, kiambishi wa- kinaonesha kuwa watano ni watu, na maana ni 200,005. Lakini nomino ikiwa shilingi, tofauti hiyo hufutika: shilingi elfu mia mbili na tano husikika kwa namna moja tu katika maana zote mbili. Hapo ndipo neno laki linapofanya kazi ambayo tarakimu haiwezi, kwani laki mbili na elfu tano haichanganywi na laki mbili na shilingi tano.

Namba kubwa huhitaji pia kukadiriwa, na Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: watu wapatao mia tisa. Umbo hili halilingani kabisa na karibu watu mia tisa, ambalo hudokeza kuwa mia tisa haijafikiwa, wala na zaidi ya, ambalo hudai imevukwa. Mfasiri anayeyatumia matatu haya kama visawe hubadilisha habari pasipo kugusa namba.

4. Chanzo kama kishikio cha namba

Kisa cha MV Bukoba kinaonesha kwa nini kanuni ya tatu haitengani na ya pili. Namba tatu hutajwa katika kumbukumbu zake. Meli iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, huku daraja la tatu likiwa halina orodha. Waliokufa wanatajwa kuwa 894. Mtu anayezisoma kwenye karatasi anaweza kuzipanga. Mtu anayesikia kwamba watu mia nane tisini na wanne wamekufa katika meli ya abiria mia nne na thelathini husikia mkanganyiko, na pengine hudhani msomaji amekosea.

Kinachoondoa mkanganyiko ni chanzo, na lazima kitangulie:

Kibali cha meli kiliruhusu abiria mia nne na thelathini. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ina abiria mia nne arobaini na watatu. Abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa.

Kila namba sasa ina mwenyewe kabla haijatamkwa. Sentensi ya tatu, isiyo na namba yoyote, ndiyo inayoeleza kwa nini idadi ya waliokufa yaweza kuzidi orodha. Desturi ya gazeti la Kiingereza ya kuweka chanzo mwishoni hutafsirika kirahisi kwa "kwa mujibu wa serikali". Tatizo ni kwamba sikio limekwisha kuipokea idadi kama kauli ya kituo chenyewe. Kwa aliyengoja jina la ndugu kando ya redio, tofauti kati ya orodha ya meli na hesabu ya waliopatikana haikuwa ya kimtindo.

Kiswahili kina vishawishi vyake hapa. Maumbo inasemekana, imefahamika na imeripotiwa huruhusu sentensi kamili isiyo na msemaji yeyote. Eti humtaja msemaji na kumbeza papo hapo, na kudai huacha shaka ambayo kusema haina. Aidha, kiambishi a- hakitofautishi jinsia, wala hakioneshi ni yupi kati ya watu wawili. Katika sentensi Mkuu wa Mkoa alimwambia Waziri kuwa hakuwa na orodha, haijulikani nani hakuwa nayo. Mkazo wa sauti hauiponyi. Dawa ni kurudia cheo, jambo ambalo mhariri wa gazeti angelifuta kama uradidi.

5. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kuwa kanuni zilizoazimwa zilibaki na majina yao lakini zikabadili kazi. Ufupi ulikuja kuwa suala la umbali kati ya kiima na kitenzi, uandishi wa namba ukawa suala la ngeli, na utajaji wa chanzo ukawa namna ya kuzifanya namba zishikike. Lipo pia sharti la kimbinu kwa mtafiti. Hati ya taarifa iliyoandikwa kwa tarakimu haituambii msomaji alitamka nini, na kanda iliyorekodiwa haituambii mwandishi aliandika nini. Anayetaka kuandika historia ya Kiswahili cha redio hana budi kuvisoma viwili hivyo sambamba, kwa kuwa uamuzi wa kisarufi ulifanyika katika nafasi iliyo kati yake.