Henry Gordon Rice na Mpaka wa Kuzichunguza Programu

Mwaka 1928 David Hilbert na Wilhelm Ackermann walichapisha nchini Ujerumani kitabu cha mantiki, na ndani yake wakauliza swali zito: je, upo utaratibu wa hatua kwa hatua wa kuamua kama sentensi yoyote ya mantiki ni halali au la? Mwaka 1936 Alonzo Church huko Marekani na Alan Turing huko Cambridge, kila mmoja kwa njia yake, walijibu kwamba haupo.

Turing alifika huko kwa kubuni mashine ya kufikirika yenye utepe, alama, na orodha fupi ya maagizo. Kutokana na kazi yake tulirithi tatizo la kusimama: ukipewa mashine M na neno w, je, M ikianza kulisoma w itafika mahali isimame, au itazunguka milele? Hakuna mashine inayoweza kujibu hilo kwa kila M na kila w.

Kwa muda, matatizo ya namna hii yalithibitishwa kuwa hayaamuliki moja baada ya jingine, kila moja kwa hoja yake. Mmarekani Henry Gordon Rice ndiye aliyeonyesha kwamba mengi kati ya hayo ni tatizo lilelile. Aliiandika theoremu yake katika tasnifu ya udaktari, Chuo Kikuu cha Syracuse, mwaka 1951, kisha ikachapishwa katika jarida la Chama cha Hisabati cha Marekani mwaka 1953.

Lugha ya mashine ni mkusanyiko wa maneno yote ambayo mashine hiyo inayakubali. Rice alisema hivi: chukua sifa yoyote ya lugha hizo, mradi ziwepo mashine ambazo lugha zake zina sifa hiyo na nyingine ambazo lugha zake hazina. Basi hakuna utaratibu utakaopewa mashine yoyote na kuamua, bila kukosea, kama lugha yake ina sifa hiyo.

Tuone hoja yake kwa mfano mmoja. Tuseme mtu anadai ana mkaguzi anayeweza kuamua kama mashine inakubali neno "maji". Tumletee M na w, tumtake atuambie kama M itasimama. Tunaunda mashine mpya, N. Ikipewa neno lolote x, N inaliweka x kando na kuiendesha kwanza M juu ya w. M ikisimama, N inalikubali x kama x ni "maji", vinginevyo inalikataa. Hatuiendeshi N, tunayaandika maagizo yake tu na kumkabidhi mkaguzi. M ikiwa inasimama, lugha ya N ina neno moja, "maji". M ikiwa haisimami, N haifiki hatua ya pili kamwe, na lugha yake ni tupu. Kwa hiyo jibu la mkaguzi ndilo jibu la tatizo la kusimama, nalo halipatikani. Mkaguzi huyo hayupo.

Sifa nyingine hupita njia hiyohiyo; kinachobadilika ni hatua ya pili ya N. Ila kuna jambo la kuangalia kwanza: je, lugha tupu ina sifa hiyo? Kwa "maji" haina, na hoja ilikwenda moja kwa moja. Kwa sifa ya "lugha ina idadi ya maneno yenye kikomo," lugha tupu inayo. Hapo tunageuza: hatua ya pili ya N inakubali kila neno, na mkaguzi akisema lugha ya N haina kikomo, tunajua M imesimama.

Makosa huanza pale theoremu inapotumika kwa sifa isiyo ya lugha. "Mashine ina hali saba" ni sifa ya maagizo, na huamuliwa kwa kuhesabu tu. "Mashine inasimama ndani ya hatua 100 juu ya utepe mtupu" huamuliwa kwa kuiendesha hatua 100. Kipimo ni hiki: tafuta mashine mbili zenye lugha moja, moja ikiwa na sifa na nyingine isiwe nayo. Ukizipata, theoremu ya Rice haisemi lolote, na huenda sifa hiyo ikaamulika au isiamulike. Itabidi utafute hoja nyingine.

Wala theoremu haisemi kwamba hatuwezi kujua chochote. Mashine inayokubali "maji" itajulikana ukiiendesha ukasubiri ikubali. Kinachokosekana ni uhakika wa wakati wa kuacha kusubiri. Ndiyo maana zana za kukagua programu hulazimika kuchagua: zishughulikie aina fulani tu za programu, zikubali kukosea upande mmoja, au wakati mwingine zijibu kwamba hazijui.