Kutoka Daka hadi Ndani: Tarehe ya Nyumba Moja ya Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu hupangwa kwa kina. Anayetoka njiani hupita daka, tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na mwisho nyumba kati, na kila hatua humtoa kwa watu wa nje na kumtia kwa watu wa nyumbani. Katika nyumba nyingi za karne ya 18, wakati biashara ya mji iliposhamiri, sakafu nayo hupanda kidogo kutoka chumba kimoja hadi kingine, hata mgeni asiyeambiwa kitu akahisi kwamba anaingia pasipo pake.

Nyumba inayoelezwa hapa iko katika mitaa ya ndani ya mji wa kale, nyuma ya barabara ya pwani. Mwenyewe ni bibi mzee aliyezaliwa humo. Mwanawe wa kiume anaitengeneza upya iwe nyumba ya kulaza wageni, na kabla ya mafundi kuanza kubomoa, bibi alipita chumba kwa chumba akieleza kila kimoja kilikuwa cha nini. Nyumba yenyewe ni mali yake, si ya mwana. Desturi ya wenyeji wa Lamu ilikuwa baba kumpa binti nyumba, au orofa ya nyumba, anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Bibi huyu alipewa orofa ya juu siku ya harusi yake, mamaye akabaki chini. Mama alipofariki, nduguye wa kike alikuwa tayari na nyumba ng'ambo ya njia, kwa hiyo chini pia pakawa pa bibi. Mwana anajenga kwa idhini yake.

Daka ni ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe pande mbili. Hapo mume na jirani zake walikaa baada ya swala ya alasiri, hapo kahawa ililetwa, na hapo mashauri mengi ya mji yalikwisha bila mtu kukanyaga kizingiti. Mwana haligusi daka. Mji wa kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na ukaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mtu hawezi kubadili uso wa nyumba, mlango wake wala kimo chake bila ruhusa ya Makumbusho ya Taifa. Tekani, iliyo nyuma ya mlango, imejengwa kwa kona ili anayesimama njiani asione kiwanda hata mlango ukiwa wazi. Mwanamume wa nje alipiga hodi, akangoja hapo, na wanawake wakapata wasaa wa kuondoka uwanjani. Katika ramani mpya, kona hiyo imewekewa meza ya kupokelea wageni.

Kutoka tekani hufikiwa sabule, chumba cha wageni wanaume, ambacho hakina njia ya kuingilia ndani. Nyumba hii haikuanza jana kulaza wageni. Nahodha na wafanyabiashara walikuja na upepo wa kaskazi na kungoja kusi ili warudi Arabuni, na baadhi yao walikaa miezi. Bibi akiwa msichana, wageni wa sabule walikuwa zaidi wale wa Maulidi, waliokuja kwa ajili ya Msikiti wa Riyadha. Walilishwa, walifuliwa nguo, na sauti zao zilijulikana nyumba nzima, ila nyuso zao wanawake wa ndani hawakuziona. Tofauti kubwa ya mpango wa mwana iko hapa, wala si katika bomba na rangi: mgeni wa zamani alilazwa ukingoni, wa sasa atalazwa ndani, kwa sababu chumba cha ndani ndicho kilichopambwa na ndicho kinacholipiwa zaidi. Sabule, chumba chenye joto kuliko vyote, itakuwa ofisi.

Kiwanda ni uwanja ulio wazi juu, chenye kisima na mti wa asmini. Nyumba hizi zina madirisha machache upande wa njiani, hivyo mwanga na hewa yote hutoka kiwandani. Ndiyo sababu wazo la kukifunika kwa mabati ya kupitisha mwanga, ambalo mwana alilianza na kuliacha, lingeharibu nyumba nzima: hewa ya moto ingekosa pa kutokea, na vyumba vya nyuma vingeota ukungu. Kando ya kiwanda kuna vyumba viwili vidogo visivyo na plasta, ambavyo bibi alivijua kuwa ghala za nazi na kuni. Nyanyake alimwambia kwamba zamani walilala humo wajakazi. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na vyumba hivyo, tofauti na vingine vyote, havikuachiwa jina. Tarehe za nyumba za Lamu huwa na maneno mengi kuhusu sahani za Uchina, na machache kuhusu waliozisafisha.

Misana miwili, wa tini na wa yuu, ni vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, vya wazi upande wa kiwanda, na faragha yake ilikuwa pazia tu. Hapa ndipo watu walipoishi: kushona kofia, kusoma Kurani, kulala mchana. Bibi alisomeshwa msana wa tini, na wanawe walilala msana wa yuu kwenye vitanda vya kamba. Wembamba wa vyumba hivi haukutokana na uchoyo wa nafasi. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyo imara haivuki sana zaidi ya meta 2.5 hadi 3. Kwa hiyo chumba huweza kurefushwa apendavyo mtu, lakini hakipanuliki.

Katika misana ndipo yalipoonekana madhara ya ukarabati wa awali. Miaka iliyopita ukuta ulianza kuchubuka chini, na fundi aliyeitwa aliupiga plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje kwa hewa, ukiacha chumvi kwenye plasta laini ya chokaa, ambayo baada ya muda hukwanguliwa na kupigwa upya. Saruji haipitishi. Unyevu uliofungiwa ulipanda juu kutafuta pa kutokea, chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta, na sasa ukuta ukigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa sauti ya utupu karibu hadi kiunoni. Saruji yote itabanduliwa, ukuta uachwe ukauke, kisha upigwe chokaa iliyolowekwa na kukaa muda mrefu. Kazi hiyo ni ya polepole, na ni ghali kuliko mwana alivyotarajia.

Ndani ni chumba cha mwenye nyumba na mkewe. Ukuta wake wa mbele, unaotazamana na misana, umejaa zidaka: safu kwa safu za vijidirisha vipofu vya chokaa iliyochongwa, ambamo viliwekwa sahani, mabakuli, vitabu na marashi. Kwa wengi vilikuwa pambo la kuonyesha utajiri. Bibi alifundishwa pia kwamba jicho baya hukipata kwanza linachokitazama. Sahani ikipasuka yenyewe, ilisemwa imepokea lililomlenga mtu. Chumba hiki ndimo alimoonyeshwa bibi arusi, na baada ya harusi ndimo maarusi walimokaa fungate. Kwa bibi huyu ilikuwa ndani ya orofa ya juu, yenye zidaka chache kuliko ya chini, kwa kuwa ilijengwa baadaye na mafundi hodari wa kuchonga walikwisha kuadimika. Hilo analikumbuka kama dosari ya zawadi ile ya harusi.

Nyuma ya ndani kuna nyumba kati, chumba chenye giza kuliko vyote, na ndicho ambacho mwana na mama walikizungumza kwa muda mrefu. Hapo wanawake wa nyumba walijifungua na kukaa arubaini. Hapo maiti alilazwa kitandani na kuoshwa, maji yakatiririka katika ufuo uliochimbwa sakafuni na kuzibwa baada ya mazishi. Hapo pia bibi mwenyewe alikaa eda ya miezi minne na siku kumi. Alizaa wawili wa kwanza humo, na wa mwisho, huyu anayejenga, akazaliwa hospitalini. Kwa hiyo kumbukumbu ya mama haikumhusu mwana kwa namna ile iliyowahusu nduguze, na huenda ndiyo sababu alikiona chumba kuwa nafasi iliyopotea tu.

Alitaka kuvunja ukuta kati ya ndani na nyumba kati apate chumba kimoja cha upana wa meta tano. Mama alikataa kwa sababu zake, lakini uamuzi ulitokana na fundi wa boriti. Ukuta ule ndio unaobeba ncha za boriti za pande zote mbili, na juu yake umesimama ukuta wa orofa. Kuuondoa kungehitaji mhimili mzito wa zege, ambao kuta za matumbawe haziwezi kuubeba bila kupasuka. Fundi alizichoma boriti kwa msumari mrefu karibu na ukuta, mahali zinapoozea kwanza kwa kuwa hazipati hewa. Katikati zote zilikuwa ngumu; kwenye ncha, msumari ulizama katika nne. Hizo zitabadilishwa moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo. Ukuta utabaki, mlango utaongezwa kimo, na nyumba kati itakuwa chumba cha nguo na beseni.

Choo cha zamani kina birika la chokaa lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na shimo refu. Vyoo vipya vitakuwa vitatu, vyote vimepangwa upande ule ule mmoja wa nyumba, mbali na kisima, ili maji machafu yasipite chini ya kuta.

Orofani kuna wikio, daraja la chumba kinachovuka njia hadi nyumba ya nduguye bibi. Wanawake walilitumia kuendeana bila kuteremka barabarani, na vyakula vya Ramadhani vilipita humo kila magharibi. Nyumba ya ng'ambo iliuzwa kwa mgeni wa Ulaya baada ya ndugu kufa, mlango wa upande ule ukazibwa, na wikio limebaki chumba cha dirisha moja. Mwana analifanya mahali pa kusomea. Mama hakupinga.

Juu kabisa ni kidari cha meko, jiko la makuti lililowekwa paani ili moshi uondoke. Bibi alipika hapo hadi gesi ilipoletwa chini. Ramani inapageuza baraza ya wageni yenye paa jipya la makuti, na nyuma yake vyumba viwili vya wenyeji. Lakini ngazi za mawe zimesimama wima na hazina pa kushika, na bibi haziwezi tena. Kwa sharti lake, msana wa yuu wa orofa ya chini umetolewa katika hesabu ya vyumba vya kukodisha na kubaki wake, pazia likiwa mahali pa mlango kama zamani, na mpango uliopelekwa makumbusho umerekebishwa kuonyesha hivyo.