Kioo Kilisafishwa, Viungo Vikabaki: Hesabu ya Faiba Kutoka Isiolo

Mwaka 2009 mikongo ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na mwaka huohuo Charles Kao akatunukiwa Nobeli ya Fizikia. Mwaka 1966, Kao na mwenzake George Hockham walikuwa wamedai kwamba kioo kingeweza kubeba simu iwapo upotevu wa mwanga ungeshuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita. Desibeli 20 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za mwanga hubaki 1 tu. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ilipata desibeli 17, na kufikia 1979 Wajapani walikuwa wameteremka hadi 0.2. Upotevu wa desibeli 20 uliokuwa ukomo wa kilomita 1 sasa huchukua kilomita 100. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa wa kioo peke yake. Waya ukishazikwa, kioo hubadilika kidogo sana. Kinachoongezeka mwaka hadi mwaka ni viungo.

Tuchukue mfano wa waya wa kilomita 40 kutoka mjini Isiolo kuelekea Archers Post, kando ya barabara ya Moyale. Mtambo unatuma mwanga wa miliwati 1, na upande wa pili unahitaji angalau miliwati 0.005. Tofauti hiyo ni desibeli 23, na ndiyo bajeti yetu. Kioo, kwa desibeli 0.22 kila kilomita, kinakula 8.8. Waya ukija katika roli za kilomita 4, kutakuwa na viungo 9 njiani na 2 mwishoni. Kila kimoja kikikadiriwa 0.1, jumla ni 1.1. Konekta 4 za 0.5 zinaongeza 2. Jumla ni 11.9, na zinabaki 11.1.

Msomaji atauliza: salio nono namna hiyo, hofu ya nini? Jibu ni kwamba tingatinga likikata waya, mafundi huingiza kipande kipya, na kipande kimoja huleta viungo viwili. Kukatika mara 10 ni desibeli 2 zaidi, hata kama kila kiungo ni kizuri. Konekta moja yenye vumbi inaweza kula desibeli nzima. Wengine husema tuongeze nguvu ya leza. Lakini mwanga mkali kupita kiasi huzidia kipokezi, nao hauondoi kosa lililosababisha upotevu.

Kosa lenyewe huonekana kwenye kipimo cha OTDR: mstari unaoteremka polepole hushuka ghafla pale penye kiungo kibovu. Upotevu ukizidi sana kwenye nanomita 1550 kuliko 1310, waya umekunjwa mahali. Kwa hiyo kila ukarabati ukiisha, pima upya na uandike salio lililobaki. Salio likishuka chini ya desibeli 3, acha kuongeza viraka. Badilisha kipande kizima.