Mikataba Isiyo na Ridhaa: Kutoka Msovero hadi Unguja

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, Mangungo, mtawala wa mahali pale, alitia alama yake chini ya waraka ulioandikwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua, mbele ya Carl Peters, kijana aliyefika pwani mwezi ule ule kwa niaba ya chama cha kutafuta makoloni. Na waraka huo, uliojiita mkataba wa urafiki wa milele, ulisema kwamba Mangungo ametoa nchi yake pamoja na haki zake zote za utawala, tena kwamba hamtegemei Sultani wa Unguja, wala hata hajui kuwa yupo.

Kadhi yeyote wa mwambao angalisema kwamba mauzo pasipo ridhaa si mauzo; lakini sheria ya mataifa ilikawia sana kuliandika neno hilo, mpaka Mkataba wa Vienna wa 1969, ulioanza kutumika 1980, ulipozitaja sababu za kubatilisha mapatano ya dola na dola, zikiwamo ghalati, hadaa, hongo na ikrahi. Tukiupima waraka wa Msovero kwa mizani hiyo, hatuna budi kuanza na ghalati, kwa kuwa ndiyo inayotujia kwanza akilini. Ila ghalati inayokubaliwa ni ile ya jambo au hali ambayo dola ilidhani ipo wakati wa kuafikiana, na ambayo juu yake ridhaa yake ilijengwa, wala haimfai aliyechangia kosa hilo mwenyewe au aliyekuwa na dalili za kutosha za kumwonya. Kwa kipimo hiki Thailand ilishindwa 1962 mbele ya Mahakama ya Kimataifa katika shauri la hekalu la Preah Vihear, kwa sababu ramani iliyoilalamikia ilikuwa mikononi mwake miaka mingi, na haikuikataa. Mangungo hakukosea mlima wala mto. Alichofichwa ni maana ya maneno yenyewe, na aliyemficha ndiye aliyeandika. Mlango unaomfaa, basi, ni hadaa.

Kuhusu hongo, yafaa tuwe waangalifu, kwani zawadi zilizotolewa safarini zilikuwa ada ya kila msafiri apitaye bara, nao wanasheria walioandaa vifungu vya Vienna walieleza kwamba takrima ndogo ya kawaida haitoshi kuvunja mkataba, bali itakikanayo ni malipo yaliyokusudiwa kumgeuza mjumbe ili akubali yale ambayo dola yake isingekubali.

Ikrahi twaiona Unguja kwenyewe. Kaizari alipotoa hati ya himaya tarehe 27 Februari 1885 juu ya nchi alizozikusanya Peters, Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash, alipinga, akituma watu kuthibitisha mamlaka yake. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji, mizinga ikielekea jumba lake, na Waingereza, ambao alikuwa akiwategemea, wakamshauri akubali, naye akakubali. Kwa kifungu cha 52 cha Vienna, mapatano yaliyopatikana kwa vitisho vya nguvu kinyume cha misingi ya Hati ya Umoja wa Mataifa ni batili tangu mwanzo, bila ya kusubiri aliyeonewa alalamike; ilhali mwenye ghalati, hadaa au hongo lazima ajitokeze adai, naye akiisha kuyajua mambo, kisha akayakubali kwa kauli au kwa mwenendo wake, haki yake hupotea.

Hata hivyo Barghash asingefaidika na kifungu hicho, maana sheria ya zama zake ilimwokoa mjumbe aliyetishwa nafsi yake, lakini haikuiokoa dola iliyotishwa kwa manowari, kwa hoja kwamba vita vilikuwa halali, na kama nguvu ingalivunja mkataba, hakuna mapatano ya amani ambayo yangalisimama. Nao Mkataba wa Vienna wenyewe hautumiki kwa mapatano yaliyotangulia kuanza kwake. Zaidi ya hayo, Peters alikuja kwa jina la chama cha watu binafsi, hakuwa balozi wa dola.

Kwa hiyo sheria ya leo inatupa majina ya yale yaliyotendeka Msovero na Unguja, lakini haifungui upya shauri lake. Nayo mipaka iliyofuata ilibaki: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, na mwezi wa Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika, wakikutana Kairo, waliahidi kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Na ule mstari uliochorwa 1886 kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Viktoria, ukizunguka Kilimanjaro, ndio msingi wa mpaka wa Kenya na Tanzania hata leo.